Kundi lililopata R = 8.56 nimelipa alama nyingi, lililopata 9.49 nimelinyima. Sasa nalala na wasiwasi

Mwl_Nkuhungu

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili.

Nafundisha kemia kidato cha sita, shule moja hapa Dodoma mjini. Wiki iliyopita tulifanya lile jaribio la kutafuta R, kiwango thabiti cha gesi. Utepe wa magnesiamu unaingia kwenye asidi haidrokloriki ndani ya bureti iliyopinduliwa kwenye bika la maji, haidrojeni inapanda juu na kusukuma maji chini, kisha unasoma ujazo. Kwa kuwa gesi imekusanywa juu ya maji ina mvuke wa maji ndani yake, unautoa kwenye mgandamizo wa hewa kabla ya kukokotoa.

Hali ilikuwa hivi. Mizani yetu inasoma hadi 0.01 g tu, kwa hiyo nilipima utepe mrefu wa sm 98.0, ukawa 0.93 g. Kila kundi likakata sm 3.5, yaani 0.0332 g, ambazo ni moli 0.001366. Themomita ndani ya maji ilisoma nyuzi 27. Kwa nyuzi 27 jedwali linasema mvuke wa maji ni milimita 26.7 za zebaki. Mgandamizo wa hewa tuliuchukua 760, tukatoa 26.7, ikabaki 733.3, sawa na kilopaskali 97.8.

Kundi la kwanza waliandika ujazo 35.9 mL wakapata R = 8.56. Kundi la pili waliandika 39.8 mL wakapata 9.49. Jibu la kitabuni ni 8.31. Nikawapa la kwanza alama nzuri, wamekosea asilimia tatu tu, na la pili nikawaandikia "rudieni, gesi yenu imeingiwa na hewa".

Jana binti mmoja wa kundi la pili amenifuata ofisini, kanionyesha daftari, amefuata kila hatua kwa mwandiko safi kabisa. Ameniuliza, "Mwalimu, hewa iliingilia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Naombeni msaada, nimepitia hesabu zao mara tatu na sioni walipoteleza.

Mtoto_wa_Chumbageni

Mwalimu, magnesiamu yako mbovu au asidi imechoka. Sisi Tanga tumefanya jaribio hili hili miaka minne mfululizo, tunatumia 760, tunatoa mvuke, R inatoka kati ya 8.2 na 8.4. Haijawahi kufika 9. Badilisha kopo la magnesiamu.

Mwl_Nkuhungu

Ndugu yangu, nililiwaza hilo. Lakini magnesiamu mbovu ingetoa gesi kidogo kuliko inavyotarajiwa, na R ingeshuka. Yetu imepanda. Hapo ndipo ninapokwama.

Ntyuka_Mwanachuo

Mwalimu nadhani nimeliona tatizo. Mnatumia jedwali la mvuke wa maji kana kwamba mko pwani. Dodoma mwezi huu hewa ni kavu mno, midomo inapasuka, unyevu hewani hauzidi nusu. Kwa hiyo mvuke halisi si 26.7, labda ni 12 au 13. Mnatakiwa kuzidisha namba ya jedwali kwa unyevu wa siku hiyo. Hapo kosa la mgandamizo litapungua.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Ntyuka, kijana wangu, ukavu wa Dodoma umeuona vizuri, ila haufiki ndani ya bureti.

Gesi imefungiwa kwenye mrija wa kioo, chini yake kuna maji na kuta zote zimelowa. Kila kiputo cha haidrojeni kimepanda kikipita majini. Mle ndani mvuke umeshajaa kiasi ambacho jotoridi la maji linaruhusu, hata kama nje ya dirisha upepo unakausha nguo kwa nusu saa. Kwa maji ya nyuzi 27 mvuke utakuwa 26.7, uwe Dodoma, Tanga au kileleni mwa Kilimanjaro. Jedwali linauliza jotoridi la maji na haliulizi kitu kingine.

Tena angalia ushauri wako unaelekea wapi. Ukitoa 13 badala ya 26.7, mgandamizo wa haidrojeni unapanda na R ya mwalimu inapanda nayo. Ingetoka 9.49 ikaenda 9.67. Umemsogeza mbali zaidi na jibu.

Mwalimu, nina maswali mawili kabla sijasema neno. La kwanza, hiyo 760 mliipata wapi? La pili, makundi yote mawili yalikata utepe sawa, asidi ile ile, saa ile ile. Iweje ujazo upishane kwa karibu mL 4? Bureti zao zilisoma alama gani hasa?

Ntyuka_Mwanachuo

Nimekuelewa mzee. Nilikuwa nachanganya hewa ya chumbani na gesi ya ndani.

Mwl_Nkuhungu

Shikamoo mzee.

760 iko kwenye mwongozo wa maabara, imeshachapwa mle. Ila sikuiamini hivi hivi. Siku ya jaribio nilifungua simu kwenye programu ya hali ya hewa, nikachagua Dodoma, ikaonyesha 1016 hPa. Nikabadilisha, ikawa 762 na ushee. Nikasema basi, 760 inafaa.

Kuhusu alama, nimerudi kwenye madaftari. Ajabu yake, zote mbili zimesoma 14.1. Kundi la kwanza wamechukua 50 wakatoa 14.1, wakapata 35.9. Kundi la pili wamefanya hivyo hivyo kisha wakaongeza 3.9, pembeni wameandika "sehemu isiyo na mistari". Sikuwafundisha hilo.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Huyo binti aliyeongeza 3.9 anastahili pongezi zako, nitakuonyesha kwa nini.

Chukua bureti, isimamishe kama kawaida, tazama chini. Mstari wa 50 hauko kwenye koki. Kati ya mstari wa 50 na koki kuna kipande cha kioo kisicho na alama hata moja. Unapofanya titresheni kipande kile hakikuhusu, kwa sababu unapima kilichotoka. Ukiipindua bureti, kipande hicho ndicho kinachokuwa juu kabisa, na haidrojeni inajaa pale kwanza kabla haijafika kwenye mistari. Asiyekihesabu ametupa gesi ambayo iko mbele ya macho yake.

Kukipima si kazi. Jaza maji, shusha hadi mstari wa 50 barabara, kisha fungulia yaliyobaki kwenye silinda ndogo ya mL 10 mpaka maji yafike kwenye koki, funga. Bureti nilizozitumia zilikuwa kati ya mL 3 na 5, kila moja na yake, hivyo usichukue namba ya bureti moja ukaipa nyingine.

Kwa hiyo ujazo sahihi ni 39.8. Kundi la kwanza wana ujazo pungufu.

Mtoto_wa_Chumbageni

Sasa mzee hapo mbona mambo yamezidi kuharibika? Waliopima vizuri ndio wamepata 9.49, waliokosea ndio wamekaribia 8.31?

Fundi_Maabara_Mstaafu

Ndiyo. Maana yake kuna kosa la pili, linavuta upande wa juu, na makundi yote mawili wanalo. Kundi la kwanza wamekosea mara mbili, kosa moja likalifunika lingine. Nimeshawahi kuliona jambo hili miaka mingi nyuma nikiwa Iringa. Kosa hilo la pili liko kwenye 760, ila kuhusu ile 1016 ya simu ningependa aseme mtu anayezijua namba hizo.

Dada_wa_Vipimo

Naomba niingie hapo. Nimefanya kazi ya kusoma vipimo vya hali ya hewa kwa miaka tisa, na swali hili huwa naulizwa na watu wa kila aina.

Ile 1016 si mgandamizo wa hewa ya Dodoma. Ni mgandamizo ambao Dodoma ingekuwa nao kama ingeshushwa mpaka usawa wa bahari. Inafanywa makusudi. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo ukiandika namba halisi za Tanga, Dodoma na Mbeya kwenye ramani moja, utaona tofauti za miinuko tu, na mabadiliko ya hali ya hewa yatafichika. Ndiyo maana namba zote huletwa kwanza kwenye usawa wa bahari halafu zinalinganishwa. Simu inakuonyesha namba hiyo iliyokwisha kurekebishwa. Hata taarifa za uwanja wa ndege ni hivyo hivyo, ukiona Q1016 ujue ni ya usawa wa bahari, rubani anaitumia kuweka kipimo chake cha kimo.

Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya bahari. Kwenye kimo hicho hewa inayokukandamiza wewe na bika lako ni karibu hPa 890, yaani kama milimita 667 za zebaki. Inapanda na kushuka kidogo kwa siku, hPa mbili tatu, asubuhi na alasiri haifanani. Lakini 1016 haitaiona hata siku moja.

Kwa hiyo ndugu yetu wa Tanga hana kosa na 760 yake. Yuko baharini. Mwongozo ule ulitungwa kwa watu wa huko.

Mwl_Nkuhungu

Dada, umenifungua macho, ila nina shida moja. Sina barometa. Ile ya shule ilivunjika kabla sijahamia. Namba yako naiamini, lakini mwanafunzi akiniuliza 890 nimeitoa wapi, nitamwambia nimeambiwa?

Dada_wa_Vipimo

Una njia mbili tatu. Ofisi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa watakupa namba ya kituo ukiwaomba, ila uwaambie wazi unataka mgandamizo wa kituoni, si wa usawa wa bahari. Usiposema hivyo utapewa ile ile ya simu. Pili, simu nyingine zina kipima mgandamizo ndani yake, na kuna programu ndogo zinazosoma kipima hicho moja kwa moja bila mtandao. Zima data kabisa ndipo usome. Ikiendelea kuonyesha namba inayocheza kwenye 890, hiyo ni hewa ya chumbani kwako. Ikikataa kuonyesha, simu yako haina kipima, ilikuwa inakuletea namba ya mtandaoni.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Njia ya tatu ni sufuria, mwalimu. Na itawafaa wanafunzi kuliko simu.

Lile jedwali la mvuke wa maji mlilotumia kwa nyuzi 27, fuata safu zake mpaka chini. Kwa nyuzi 96 limeandika 657.6, kwa 97 limeandika 682.1, kwa 100 limeandika 760. Maji huchemka pale mvuke wake unapolingana na hewa inayoyakandamiza. Kwa hiyo chemsha maji, soma themomita, rudi kwenye jedwali, umepata mgandamizo wa hewa ya chumba chako.

Fanya hivi. Kwanza weka themomita kwenye barafu inayoyeyuka, uone kama inasoma sifuri. Kama inasoma nusu, andika, utaitoa baadaye, ingawa kuwa sawa kwenye sifuri si hakikisho kwamba iko sawa huko juu. Kisha chemsha maji safi mpaka yatokote kweli kweli, na ncha ya themomita ikae kwenye mvuke juu kidogo ya maji, isiguse chini ya sufuria wala ukuta. Subiri namba itulie. Shida yake ni moja tu, huko juu nyuzi moja ni karibu milimita 25 za zebaki. Ukikosea nusu nyuzi, umekosea 12. Ni bora mno kuliko kukosea 93, ila usiiite barometa.

Ntyuka_Mwanachuo

Mzee, kwa hiyo maji kuchemkia 96 huku kwetu hakubadilishi jedwali? Mimi nilidhani jedwali lenyewe linasogea tukipanda milima.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Jedwali halisogei. Nyuzi 96.5 itakupa mvuke ule ule wa karibu 670 hata Tanga. Kinachobadilika ni hewa ya nje, mvuke unaifikia mapema zaidi huku kwetu.

Na kutokana na hilo, kuutoa mvuke kuna uzito zaidi Dodoma kuliko pwani. Milimita 26.7 katika 760 ni kama asilimia 3.5. Milimita zile zile katika 667 ni asilimia 4. Maji hayajabadilika, hewa ndiyo imepungua.

Mama_Zabibu_Hombolo

Habari zenu. Mimi si mwalimu, nalima zabibu na natengeneza mvinyo kidogo nyumbani. Nimefurahi kuona watu wanakusanya gesi juu ya maji, kwa sababu nami nafanya hivyo. Natoa mpira kwenye dumu la juisi inayochachuka, naupitisha kwenye chupa iliyopinduliwa majini, nahesabu chupa zinazojaa kwa siku ili nijue mchachuko umefikia wapi. Ila hesabu huwa hazikai, gesi inatoka pungufu sana na sukari inayoliwa, hasa siku za kwanza. Je, nami nitoe mvuke? Au ni huu mgandamizo wa Dodoma?

Fundi_Maabara_Mstaafu

Mama, kwako tatizo ni gesi yenyewe. Haidrojeni haipendi maji, lita nzima ya maji inameza kama mL 18 tu, na kwenye bureti kuna maji kidogo sana, kwa hiyo mwalimu hapotezi kitu. Yako ni kabonidioksaidi. Kwa jotoridi la nyumbani lita moja ya maji inaweza kumeza karibu robo tatu ya lita ya gesi hiyo. Chupa zako za mwanzo zinapotea kwenye maji ya beseni. Baadaye maji yakishashiba unaanza kuona namba zinapanda. Pima dumu lenyewe kwenye mizani kila siku asubuhi, uzito unaopungua ndio gesi iliyotoka. Achana na chupa.

Mama_Zabibu_Hombolo

Ahsante baba. Mizani ya kupimia zabibu ninayo, nitajaribu kwenye dumu la lita 20.

Mwl_Nkuhungu

Wakuu, nimerudi. Leo nimebaki na vijana sita baada ya vipindi.

Kwenye barafu themomita ilisoma sifuri. Tukachemsha. Ilipanda ikatulia 96.5, ikakaa pale dakika nne bila kusogea, na jiko likiwa linawaka kwa nguvu zote. Mmoja akaongeza moto akidhani itafika 100. Haikufika. Kwa jedwali, 96.5 ni karibu 670.

Halafu mlinzi wa shule ana simu yenye kipima mgandamizo. Tukazima data kama Dada alivyoelekeza. Ikasoma hPa 890, ambazo ni 667.6. Tofauti na sufuria ni milimita mbili tu. Vijana waliangaliana.

Nimekokotoa upya kwa kilopaskali 89.0. Natoa mvuke 3.57. Inabaki 85.43. Kundi la pili lenye 39.8 mL nimepata:

```
R = PV / nT
R = 85.43 × 0.0398 / (0.001366 × 300.15)
R = 8.29
```

8.29! Kutoka 9.49. Na kundi la kwanza lenye 35.9 wanashuka hadi 7.48. Mzee, ulichosema kuhusu makosa mawili kufunikana nimekiona kwa macho yangu. Kesho asubuhi naanza na yule binti.

Dada_wa_Vipimo

Hongera mwalimu. Mlinzi naye apewe shukrani zake.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Vizuri sana, ila usimwambie bado kwamba ni 8.29. Umesema bika. Gesi ilipokusanyika, maji ndani ya bureti yalibaki yamesimama juu kuliko maji ya bika, sivyo? Kwa umbali gani?

Mwl_Nkuhungu

Ndiyo, yalikuwa juu. Binti huyo huyo ameandika "h = sm 11". Nilidhani ni maelezo tu ya mchoro.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Ana jicho huyo mtoto. Ule mnara wa maji wa sm 11 unavuta chini, kwa hiyo gesi ndani iko kwenye mgandamizo mdogo kuliko wa nje. Maji ni mepesi kuliko zebaki mara 13.6, basi gawa milimita 110 kwa 13.6, unapata 8.1 za zebaki. Kwa kipimo chako ni kilopaskali 1.08. Zitoe nazo.

Wakati mwingine tumia chombo kirefu, hata ndoo yenye kina, uishushe bureti mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane, ndipo usome. Hapo hutatoa kitu zaidi ya mvuke. Na shika bureti kwa kitambaa au kibano, kiganja kinapasha gesi.

Mwl_Nkuhungu

Nimetoa. 85.43 ukitoa 1.08 ni 84.35. R inakuwa 8.19.

Nakiri nimesikitika kidogo. 8.29 ilikuwa nzuri zaidi.

Fundi_Maabara_Mstaafu

8.19 ndiyo ya kweli kwa vipimo vyenu. Iko pungufu kwa asilimia 1.5, na sasa upungufu wake una maana, kwa sababu uko upande ambao magnesiamu yenye kutu nyeupe ingeuvuta. Utepe mliusugua kwa msasa kabla ya kupima?

Mwl_Nkuhungu

Hapana. Ulikuwa na rangi ya kijivu, haung'ai. Tuliukata hivyo hivyo.

Mtoto_wa_Chumbageni

Ndiyo hiyo niliyosema mwanzo, magnesiamu!

Fundi_Maabara_Mstaafu

Ulisema kweli kuhusu magnesiamu, ila kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kutu ile ina uzito kwenye mizani na haitoi haidrojeni hata kiputo. Kwa hiyo moli mlizoandika ni nyingi kuliko zilizotoa gesi, na R inashuka.

Dada_wa_Vipimo

Mzee, ruhusu nipingane kidogo. Utepe wa sm 3.5 uliokatwa kwa mkasi na kupimwa kwa rula ya mwanafunzi unaweza kukosea nusu milimita. Hiyo peke yake ni asilimia 1.4. Na mizani ya 0.01 kwenye 0.93 ni asilimia 1 nyingine. Upungufu wote wa 1.5 unaweza kuwa rula, kutu isihusike kabisa.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Siwezi kukukatalia. Ila makundi yote mawili yalisoma 14.1. Rula ingewapotosha kila kundi kwa namna yake.

Dada_wa_Vipimo

Makundi mawili ni machache kusema hivyo. Yangekuwa manane ningekubali.

Ntyuka_Mwanachuo

Nina swali dogo kwa mwalimu. Kwa nini sm 3.5 na si 5? Mwongozo tuliotumia sisi shuleni ulisema 5.

Mwl_Nkuhungu

Wetu pia unasema 5. Mwaka jana tulikata 5, na makundi matatu gesi ikashuka chini ya mistari yote. Kundi moja viputo vikatokea mdomoni mwa bureti. Nikapunguza bila kujua sababu. Sasa naijua, hewa nyepesi inaacha gesi ile ile itanuke zaidi. Utepe wa sm 5 ambao Tanga unatoa kama mL 50, hapa ungetoa karibu 57.

Kuhusu kutu, leo nimesugua kipande kilichobaki. Ni kile kile cha sm 98 ukitoa vipande viwili, yaani sm 91. Kabla ya kusugua mizani ilisoma 0.86. Baada ya kusugua ikasoma 0.85, nikakiondoa nikakirudisha ikasoma 0.84, nikarudia ikarudi 0.85. Kwa 0.85 R ingekuwa 8.29, kwa 0.84 ingekuwa 8.38. Yaani mizani hii haiwezi kuniamulia.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Haiwezi. Unahitaji inayosoma 0.0001. Vyuoni hapo mjini zipo, omba kwa barua, nenda na utepe wako uliosuguliwa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri.

Ntyuka_Mwanachuo

Mwalimu, idara yetu wanayo. Mhusika wa maabara ni mtu mwelewa, nitamuuliza kesho. Niandikie pembeni siku unayoweza kuja.

Mwl_Nkuhungu

Ahsante sana kijana wangu. Ijumaa baada ya saa nane, na nitakuja na wanafunzi wawili.

Yule binti nimeonana naye asubuhi. Nimefuta kwa mkono wangu ile "gesi yenu imeingiwa na hewa" nikamweleza hewa ilipokuwa. Ameuliza swali moja, nalileta kwenu kama alivyoliuliza: kundi la kwanza nao walifuata mwongozo neno kwa neno, na mwongozo hausemi lolote kuhusu sehemu isiyo na mistari. Je, alama zao nizipunguze?

Mtoto_wa_Chumbageni

Usipunguze. Mwongozo ndio uliowapotosha.

Fundi_Maabara_Mstaafu

Mimi ningewarudisha maabara wakapime kipande kile cha bureti wenyewe, halafu wakokotoe upya, na alama ningewapa za kazi hiyo mpya. Lakini darasa ni lako, mwalimu.